Nauli Imepanda, Tovuti Bado Inauza kwa Bei ya Zamani

Chukua kampuni ya mabasi inayouza tiketi mtandaoni. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, imeridhia nauli mpya zianze Jumatatu. Jumapili saa sita usiku fundi wa tovuti anapandisha toleo jipya: safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, ambayo kwa mfano wetu ilikuwa shilingi 60,000, sasa ni 66,000. Anafungua tovuti kwenye kompyuta yake, anaona 66,000, anazima taa na kulala.

Saa mbili asubuhi simu za ofisi ya tiketi hazipumui. Abiria aliyeko Morogoro anaona 60,000 na anataka auziwe kwa bei hiyo. Aliyeko Mwanza anaona kitufe kipya cha kulipia, anakibonyeza, na hakuna kinachotokea. Wa tatu anaona nauli mpya kwenye simu yake na ya zamani kwenye kompyuta ya kazini, ndani ya dakika hiyo hiyo. Fundi anaingia kwenye seva, anafungua faili ya nauli kwa mkono wake, na humo imeandikwa 66,000. Seva haina kosa lolote.

Mambo haya hutokea kila siku, kwenye tovuti za shule zinazotangaza matokeo, za maduka na za benki. Mara nyingi hutibiwa kwa ushauri mmoja tu: futa historia ya kivinjari, ujaribu tena. Ushauri huo huweza kumsaidia mtu mmoja aliyepiga simu. Mamia ambao hawakupiga wanaendelea kuona nauli ya jana, na hawajui kwamba ni ya jana.

Nakala ziko wapi

Ukurasa wa tovuti haufiki kwenye simu ukiwa kipande kimoja. Kwanza huja faili ya HTML, ambayo ndiyo mifupa ya ukurasa. Ndani yake zimo anwani za faili nyingine za kuchukua: ya mwonekano, za picha, na za JavaScript, yaani zile zinazofanya ukurasa ukokotoe na kuitikia vidole. Kwenye tovuti ya mabasi tuseme kuna `index.html`, ambayo inaita `bei.js` yenye orodha ya nauli na `malipo.js` inayoendesha kitufe cha kulipia.

Kati ya seva na macho ya abiria kuna sehemu mbili zinazoweka nakala za faili hizo. Ya kwanza ni mtandao wa kusambaza maudhui. Kampuni kama Cloudflare, Akamai na Fastly zina seva katika miji mingi duniani, na kazi yake ni kumhudumia msomaji kutoka karibu badala ya kumpeleka mpaka seva mama iliko. Cloudflare ina vituo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kigali. Kama seva mama ya kampuni ya mabasi iko Ulaya, ombi moja kutoka Dar es Salaam kwenda na kurudi hula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja hutuma maombi kwa makumi. Kituo cha Dar es Salaam kikiwa na nakala, safari hiyo haipo.

Sehemu ya pili ni akiba ya kivinjari, ndani ya simu yenyewe. Humo Chrome, Firefox au Safari huhifadhi faili zilizokwisha kushushwa, ili abiria akirudi kesho asile bando lake kushusha tena kitu kilekile.

Akiba zote mbili hutii agizo moja linaloambatana na kila faili inapotoka kwenye seva. Linaitwa `Cache-Control`, na neno lake kubwa ni `max-age`: idadi ya sekunde ambazo nakala inaruhusiwa kutumika bila kuuliza chochote. Fundi anaweza kulisoma kwa amri moja kwenye kompyuta yake:

```
$ curl -I https://mabasi.example/bei.js
HTTP/2 200
cache-control: public, max-age=604800
age: 259200
cf-cache-status: HIT
cf-ray: 8f2c41d09b7e5a13-DAR
```

Mistari hii michache inaeleza karibu kila kitu kilichotokea usiku ule. Sekunde 604,800 ni siku 7. Ndiyo ruhusa aliyoitoa fundi mwenyewe, pengine miezi mingi iliyopita, aliponakili mipangilio kutoka mahali fulani. `age` ni umri wa nakala hii: sekunde 259,200, yaani siku 3. `HIT` maana yake jibu limetoka kwenye akiba ya msambazaji, seva mama haikuulizwa. Herufi za mwisho, `DAR`, ni alama ya uwanja wa ndege wa mji ambao kituo kimejibu. Ombi lingepitia Mombasa, zingesomeka `MBA`.

Hapo ndipo ushahidi ulipo. Toleo jipya lilipandishwa saa nane zilizopita, nalo jibu hili lina umri wa siku tatu. Nakala iliyozaliwa kabla ya toleo haiwezi kuwa ya toleo hilo. Fundi anayelinganisha `age` na muda tangu alipopandisha hahitaji kubahatisha tena.

Kila kituo kina akiba yake, nazo hazijazwi kwa pamoja. Huenda nakala ya Mombasa ilimaliza siku zake saa tisa usiku, kituo kikaenda kuchukua nyingine na kupata nauli mpya, wakati ya Dar es Salaam bado ina siku nne mbele yake. Kwa hiyo abiria wawili wanaweza kubishana kwenye simu kuhusu tovuti ileile, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Vipi kuhusu yule wa Mwanza mwenye kitufe kisichofanya kazi? Cloudflare, isipoagizwa vinginevyo, haihifadhi faili za HTML; huhifadhi za JavaScript, za mwonekano na za picha. Kwa hiyo `index.html` yake ilikuja mpya kutoka seva mama, ikiwa na kitufe kipya. Lakini `malipo.js` ilitoka kwenye akiba, nayo ni ya wiki iliyopita, haikijui kitufe hicho. Mchanganyiko wa aina hii ni mbaya kuliko ukurasa wa zamani mzima. Ukurasa wa zamani angalau unafanya kazi kama ulivyofanya jana. Huu wa nusu kwa nusu haujawahi kujaribiwa na mtu yeyote, kwa sababu kwenye kompyuta ya fundi haukuwahi kuwepo.

Kusafisha upande mmoja

Wasambazaji wote wana njia ya kufuta nakala zao kwa amri. Fastly hufanya hivyo dunia nzima kwa takriban milisekunde 150. CloudFront ya Amazon huruhusu njia 1,000 za kufuta kila mwezi bure, kisha hutoza. Fundi wa mabasi anabonyeza, anarudia amri yake ya `curl`, na sasa anasoma `MISS` kisha, akirudia tena, `HIT` yenye umri wa sekunde chache. Amefarijika.

Abiria wa Morogoro bado anaona 60,000.

Simu yake haikumuuliza msambazaji wala seva. Ilishusha `bei.js` siku chache kabla, ikaambiwa inaweza kuitumia wiki nzima bila kuuliza, na inafanya hivyohivyo. Mtu akifungua zana za wasanidi za Chrome kwa kitufe cha F12 na kuingia kwenye kichupo cha `Network`, ataona kwenye safu ya ukubwa wa faili maneno `(disk cache)` au `(memory cache)`. Ombi hilo halikutoka nje ya kifaa. Hakuna seva duniani inayoweza kulijibu, kwa kuwa halikutumwa.

Ni kama kiwanda cha dawa kinachogundua kasoro. Kinaweza kupiga simu kwa kila duka na dawa ikaondolewa rafuni jioni hiyohiyo, lakini vidonge vilivyokwisha kununuliwa na kuwekwa kwenye droo ya chumbani havina simu ya kupigiwa. Kitufe cha kusafisha kinafika dukani tu. Amazon yenyewe, katika maelekezo ya CloudFront, huwashauri wateja wabadilishe majina ya faili badala ya kutegemea kufuta, na sababu mojawapo ni hii: kufuta hakugusi kilichomo kwenye kivinjari cha mtu.

Wapo mafundi wanaodhani njia salama ni kunyamaza: wasiandike `Cache-Control` kabisa. Kunyamaza nako kuna matokeo yake. Kanuni za HTTP, ambazo toleo lake la sasa kuhusu akiba ni RFC 9111 la mwaka 2022, huruhusu kivinjari kisichopewa muda kijikadirie chenyewe, na kadirio la kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Faili ambayo haijaguswa kwa siku 100 inaweza kukaa siku 10 bila kuulizwa. Ndiyo maana tovuti iliyotulia muda mrefu ndiyo inayosumbua zaidi siku inapobadilishwa: utulivu wake umeipa nakala zake ruhusa ndefu.

Na fundi mwenyewe ndiye shahidi asiyefaa kuliko wote. Ana mazoea ya kubonyeza Ctrl+Shift+R, ambayo huruka akiba yote ya kivinjari, au ameweka tiki kwenye `Disable cache` ndani ya zana zake na kuisahau. Kompyuta yake ina ukweli wa seva tu. Abiria wa kawaida hubonyeza kupakia upya, na hicho ni kitu kingine. Tangu Google ilipobadilisha Chrome, mabadiliko iliyoyatangaza mwezi Januari 2017, kupakia upya kwa kawaida huulizia faili kuu ya ukurasa peke yake. Faili nyingine zilizo ndani ya muda wake hutoka kwenye akiba bila swali. Facebook, iliyoshirikiana nao katika kazi hiyo, iliona maombi ya kuulizia yakipungua kwa asilimia 60 na kurasa zikipakia kwa kasi zaidi kwa asilimia 28. Ni mabadiliko mazuri kwa tovuti iliyopangwa vizuri. Kwa tovuti ya mabasi, maana yake ni kwamba abiria anayejaribu kujisaidia kwa kupakia upya anaweza kujitengenezea mchanganyiko uleule wa HTML mpya na `bei.js` ya zamani.

Anwani moja, maudhui mamoja

Njia ya haraka ni kuviagiza vivinjari viulize kila mara. Agizo lake ni `no-cache`, ambalo haliwakatazi kuhifadhi. Linawataka tu, kabla ya kutumia nakala, wamuulize mwenye faili kama bado ni ileile. Seva huipa kila faili alama fupi iitwayo `ETag`. Kivinjari hurudisha alama hiyo, na kama haijabadilika seva hujibu `304`, jibu dogo lisilo na faili ndani. Bando haliliwi, lakini safari inafanyika. Ukurasa wenye faili 40 utauliza mara 40 kila unapofunguliwa, na kwa mtu aliye kwenye mtandao dhaifu kati ya Singida na Nzega, kila swali ni kusubiri.

Njia iliyo bora inaanza na uamuzi mmoja mdogo: anwani ikishatumika kwa maudhui fulani, isitumike kwa mengine kamwe. Nauli zikibadilika, faili isiitwe tena `bei.js`. Ipewe jina jipya ambalo hakuna simu wala kituo kilichowahi kulisikia. Kwa jina hilo hakuna nakala popote, kwa hiyo hakuna nakala ya zamani.

Jina halipaswi kutungwa na mtu. Mtu husahau, hasa saa sita usiku. Programu ya kuunda tovuti husoma maudhui ya faili, huyapitisha kwenye kanuni ya kihisabati kama SHA-256, na kupata mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata nukta moja ikiongezwa. Vipande vichache vya mfuatano huo vinaingizwa kwenye jina. `bei.js` inakuwa `bei.3f9a1c07.js`, na ndani ya `index.html` mstari wa kuiita unaandikwa upya na programu hiyohiyo:

```
<script src="/assets/bei.3f9a1c07.js"></script>
```

Mfumo wa Rails uliwaletea mafundi wengi utaratibu huu tayari ndani ya toleo 3.1, mwaka 2011. Webpack huuita `[contenthash]`, na Vite huufanya bila kuombwa. Uzuri wa kutumia maudhui badala ya tarehe ya kupandisha ni kwamba faili isiyobadilika hubaki na jina lake. Fundi akibadilisha nauli peke yake, abiria atashusha upya `bei` peke yake. `malipo`, mwonekano na picha zitatoka kwenye simu yake kama kawaida. Mwenye kuweka tarehe kwenye majina yote huwalipisha abiria ukurasa mzima kwa ajili ya tarakimu moja.

Sasa muda wa kuhifadhi unaweza kuwa mrefu kadiri mtu atakavyo, maana faili yenye jina hilo haitabadilika tena. Kwa kawaida hupewa mwaka mmoja, sekunde 31,536,000, pamoja na neno `immutable`, lililopata kanuni yake rasmi mwaka 2017 na ambalo, kwa vivinjari vinavyolielewa, huondoa haja ya kuulizia hata mtu anapopakia upya. HTML peke yake ndiyo isiyoweza kubadilishwa jina, kwa kuwa anwani yake ndiyo watu wanayoiandika na kutumiana. Hiyo ndiyo inayopewa `no-cache`. Kwenye seva ya nginx ugawaji wote ni huu:

```
location /assets/ {
    add_header Cache-Control "public, max-age=31536000, immutable";
}
location = /index.html {
    add_header Cache-Control "no-cache";
}
```

Abiria akifungua tovuti, simu inauliza swali moja tu, kuhusu `index.html`. Ikiwa haijabadilika, hakuna kingine kinachoulizwa. Ikiwa imebadilika, inakuja na majina mapya ndani yake, na majina hayo yanavuta maudhui mapya. Mpangilio mmoja umeleta kasi na usahihi, vitu ambavyo mafundi wengi huamini kwamba lazima kimoja kiuzwe kununua kingine.

Mtego wa mkia na mpangilio wa kupandisha

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kuacha jina kama lilivyo na kuongeza mkia baada ya alama ya kuuliza, `bei.js?v=2`. WordPress hufanya hivyo kwa faili zake za mwonekano na za JavaScript. Kwa tovuti yenye seva moja na mabadiliko machache, kwa kawaida mkia unatosha. Kwa tovuti yenye seva mbili au zaidi una hatari ambayo wengi huijua siku imeshawapata.

Tuseme kampuni ya mabasi ina seva mbili, na toleo jipya linapanda kwanza kwenye ya kwanza, dakika mbili baadaye kwenye ya pili. Ndani ya dakika hizo abiria anapata `index.html` mpya kutoka seva ya kwanza. Inamwambia achukue `bei.js?v=2`. Ombi hilo, kwa bahati ya ugawaji, linaangukia seva ya pili. Seva ya pili inaona kuna faili iitwayo `bei.js`, haijali mkia, na inampa iliyo nayo: ya zamani. Msambazaji anaipokea na kuihifadhi chini ya anwani mpya. Kama muda uliowekwa ni mwaka mmoja, basi nauli ya zamani sasa imekaa ndani ya anwani ya nauli mpya kwa mwaka mmoja, kwenye kituo na kwenye kila simu iliyopita hapo. Fundi anakagua seva zote mbili, anakuta ziko sawa, na hapati maelezo.

Jina likiwa `bei.3f9a1c07.js`, seva ya pili haina faili hiyo. Inajibu `404`. Abiria mmoja anaumia kwa dakika moja, lakini uongo hauhifadhiwi: `add_header` ya nginx, isipoongezewa neno `always`, haiambatanishi agizo la mwaka mzima kwenye jibu la kosa. Kosa linaloonekana na kupita ni afadhali mara nyingi kuliko jibu zuri lenye maudhui mabaya.

Hata hiyo `404` inaepukika kwa kufuata mpangilio. Faili zenye majina mapya hupandishwa kwanza, kwenye seva zote, mpaka zikamilike. Bado hakuna ukurasa unaozitaja, kwa hiyo hazimgusi mtu. Baada ya hapo ndipo `index.html` mpya inapowekwa. Ukigeuza mpangilio huo, kwa sekunde kadhaa utakuwa unawaelekeza watu kwenye faili ambazo hazijafika.

Za zamani nazo zisifutwe siku hiyo. Zana nyingi za kupandisha husafisha folda nzima kabla ya kuweka toleo jipya, na inaonekana ni usafi mzuri. Lakini kuna abiria aliyefungua ukurasa Jumapili jioni, akaacha kichupo wazi, na Jumatatu asubuhi anabonyeza sehemu ya kuchagua kiti. Sehemu hiyo inaita faili ambayo ukurasa wake wa Jumapili unaijua kwa jina la Jumapili. Faili imefutwa. Ukurasa unabaki mweupe, na kwenye zana za Chrome kunaandikwa `Failed to fetch dynamically imported module`. Zipo seva zilizopangwa kujibu `index.html` kwa kila anwani zisiyoijua. Hizo zinaleta kosa la ajabu zaidi, `Unexpected token '<'`, kwa sababu kivinjari kilisubiri JavaScript kikapewa HTML. Na jibu hilo, kwa kuwa halionekani kama kosa, linaweza kuhifadhiwa. Kwa hiyo folda ya `/assets/` isijumuishwe kwenye mpangilio huo, ijibu `404` ya kweli, na faili za matoleo yaliyopita zibaki kwa wiki chache. Nafasi zinazochukua kwenye diski ni ndogo kuliko gharama ya tiketi moja iliyopotea.

Zipo faili chache zinazolazimika kubaki na jina moja, kama `favicon.ico`, nembo inayotumwa ndani ya barua pepe, na `sw.js` ya tovuti zinazofanya kazi hata bila mtandao. Ya mwisho inahitaji uangalifu, kwa sababu programu hiyo hukaa ndani ya kivinjari na inaweza kuwa na akiba yake ya tatu, isiyofuata `max-age` bali inafuata msimbo ulioandikwa na fundi. Ikiitwa jina jipya kila toleo, ukurasa wa zamani ambao programu yenyewe imeuhifadhi utaendelea kuita jina la zamani, na toleo jipya halitajulikana. Jina lake liachwe vilevile, na faili ipewe `no-cache`.

Aliyekwisha kukosea

Fundi wa mabasi ana njia ya kutoka. Hahitaji kuzifikia simu za watu. Anabadilisha `index.html` yake iite `bei.3f9a1c07.js` na `malipo` kwa jina lake jipya, na kila atakayepata HTML hiyo atapata nauli sahihi. Zile `bei.js` za zamani zitabaki kwenye simu mpaka siku zake ziishe, lakini hakuna ukurasa mpya utakaoziita.

Mwenye kazi ngumu ni yule aliyeipa HTML yenyewe `max-age` ya mwezi au mwaka. Huyo hana pa kuandika jina jipya, maana ukurasa ambao angeuandika hausomwi tena. Kinachomsaidia ni ile tabia ya Chrome iliyotajwa juu: kupakia upya kwa kawaida huulizia faili kuu hata kama muda wake haujaisha. Kwa hiyo tangazo fupi kwenye ofisi za tiketi na kwenye mitandao ya kijamii, likiwaomba watu wafungue tovuti na kupakia upya mara moja, lina faida ya kweli. Kuna pia agizo la `Clear-Site-Data: "cache"`, ambalo seva huweza kulituma ili kivinjari kifute akiba ya tovuti hiyo, ila linamfikia tu mtu ambaye kivinjari chake kimeiuliza seva jambo fulani, na vivinjari havilishughulikii kwa namna moja.

Kazi nyingine iko kwenye seva, na hii inahitajika hata majina na maagizo yakiwa sahihi kabisa, kwa sababu kichupo kilichofunguliwa jana hakijipakii upya chenyewe. Nauli anayoiona abiria kwenye skrini isiwe ndiyo nauli inayotozwa kwa sababu tu kivinjari kimeituma. Seva ikipokea ombi la tiketi ikokotoe bei yenyewe, na pamoja na ombi ipokee namba ya toleo la ukurasa uliotumika. Ikikuta toleo ni la zamani na bei hazilingani, isikubali na isikatae kimyakimya. Imrudishie abiria ujumbe kwamba nauli ya safari hii sasa ni 66,000, na kitufe cha kupakia ukurasa upya kabla hajaingiza namba ya siri ya kulipia.